Programu ya kusindikiza vijana wenye biashara: tuipe jina gani?



Koperative nyingi za kwetu zimeanza kusindikiza vijana katika biashara. Mkulima au mchuuzi mwenye uzoefu anakutana na kijana mwenye biashara changa, tuseme mara mbili kwa mwezi. Wanaangalia pamoja daftari la hesabu, bei ya soko, deni na wateja. Kazi hiyo inajulikana. Kuko jambo moja ambalo kamati inalimaliza kwa dakika tano mwisho wa mkutano, wakati kila mtu anataka kurudi nyumbani, nalo ni kuchagua jina la programu.

Jina linaandikwa kwenye kibao, kwenye barua ya kuomba mkopo, kwenye gunia, kwenye fulana. Kijana atalitamka kila mara akijieleza kwa mteja. Kama jina linamfanya aonekane mtoto mbele ya mteja, linamharibia biashara ile ile tunayotaka ikue. Ndiyo maana katika toleo hili tunaeleza namna ya kupata jina lenye kuonyesha kukua, bila kumdharau mtu.

Alama ya kwanza kwamba jina ni baya inasikika kijijini. Watu wanaacha jina la programu na kusema "bale batoto ba projeti". Alama ya pili iko kwa vijana wenyewe. Wanavaa fulana siku ya mgeni tu, na sokoni wanajitambulisha kwa kazi zao, hawataji programu hata siku moja. Mkiona alama hizo mbili pamoja, msiwaulize vijana kwa nini hawana moyo. Angalieni kwanza jina.

Nani anafanya tendo?

Lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia sana hapa, juu inaonyesha wazi nani anafanya na nani anafanyiwa. Tazameni maneno haya mawili: kukuza na kukua. Tofauti ni herufi moja. Anayekuza anakuza mtu mwingine, bali anayekua anakua mwenyewe. Ni vile vile kwa kuinua na kuinuka. Programu inayoitwa "Kuinua Vijana" inasema kwamba vijana wako chini, na kuko mtu mwingine mwenye nguvu anayewanyanyua. Mtu huyo ndiye mwenye tendo, na kijana ni mzigo.

Neno kulea ni zito kupita hayo. Tunalea mtoto, tunalea yatima. Kijana mwenye miaka 29, mwenye mke na watoto wawili, anayelipa watu watano siku za kuchuma kahawa, halelewi. Wengi wetu tunatumia neno hilo bila nia mbaya, tunapotafuta neno la Kiswahili mahali pa ankadrema ya Kifaransa. Lakini ankadrema yenyewe kwetu inatumika pia kwa watoto wa barabarani na kwa wanafunzi. Ukilitafsiri kwa kulea, unachukua udhaifu wake na kuongeza mwingine.

Majina ya kuamrisha, kama "Amka Kijana" au "Simama", yanapendwa juu yana nguvu ukiyasema. Lakini fikirini: nani anaambiwa amka? Ni mtu aliyelala. Kijana anayetoka saa kumi za usiku na magunia ya maharagi ili awahi mtumbwi kwenda sokoni hawezi kufurahia kuambiwa amka na mtu aliyebaki kitandani.

Namna inayofaa mara nyingi ni tendo la "sisi". Mashariki mwa Kongo wengi wanakumbuka programu ya Tuungane, ambayo IRC na CARE waliiendesha kuanzia mwaka 2007 kwa kazi za maendeleo ya vijiji. Jina lile lilikuwa neno moja tu, na ndani yake hakuna mwenye kutoa na mwenye kupokea. Yeyote anayelitamka anajihesabu ndani. Majirani zetu pia wametumia tendo: shirika la One Acre Fund, linalofanya kazi na wakulima wadogo, linajulikana Rwanda kwa jina la Tubura, neno la Kinyarwanda la kuzidisha, na Kenya kwa jina la Tupande. Mkulima hahitaji kuelezwa maana, na halazimiki kukariri herufi za kifupi cha Kifaransa.

Lakini "sisi" ina sharti lake. Kama kamati ya programu ni ya wazee peke yao, na vijana hawana kiti hata kimoja, jina lenye "tu-" litakuwa uongo, na vijana watakuwa wa kwanza kuliona.

Picha ya shamba: si kila kitu kinachokua kinafaa

Tukitaka kuonyesha kukua, sisi wakulima tunakimbilia shamba. Ni vizuri, lakini kila picha ya shamba inabeba pia namna mmea ule unavyotunzwa. Na tunajua vizuri mno namna hiyo.

Tuchukue pepinyeri, ambayo inapendwa sana na miradi ya biashara hata kwa Kifaransa. Mche wa kahawa unakaa pepinyeri miezi mingi, chini ya kivuli, unamwagiliwa maji na mtu mwingine. Hauchagui kitu. Kisha, kabla ya kuupeleka shambani, tunapunguza kivuli kidogo kidogo ili uzoee jua. Mche unaochelewa ndani ya saketi unaharibika: mzizi mkuu unafika chini, unajikunja, na hata ukipandwa baadaye hautashika udongo vizuri. Kwa hiyo jina la pepinyeri linafaa kwa mafunzo ya wanaoanza kabisa, yenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Kwa kijana ambaye amekwisha kuuza misimu mitatu, jina hilo linamrudisha ndani ya saketi.

Mbegu nayo ina shida ya namna hiyo. Inasema: bado hujaota. Chipukizi, mche, na maneno yote yenye "ka-" ya mazungumzo yetu, kama kamuti au kabiashara, yanasema udogo kabla ya kusema kukua. Tunajua kwamba "ka-" inaweza kuwa ya upendo nyumbani. Kwenye barua ya kopek haina upendo, ina udogo tu.

Picha zinazobeba kukua bila kubeba umri ni zile ambazo mti mkubwa nao anazo. Mizizi, kwa mfano: mti wa miaka 40 unaendelea kutoa mizizi. Matawi vile vile. Msimu pia, kwa maana kila mkulima, mzee na kijana, anaanza msimu. Nayo maharagi yenye kupanda yanatufundisha jambo zuri. Tunayasimikia kijiti, lakini kijiti hakiyavuti. Haragi linapanda lenyewe, na mavuno ni yake. Kijiti kikiwa kifupi, haragi linafika juu na kuanguka. Ukitaka picha ya msindikizaji mwema, ndiyo hiyo.

Na neno kijana lenyewe?

Wengi wanaweka "vijana" ndani ya jina bila kufikiri. Mkataba wa Afrika wa Vijana wa mwaka 2006 unamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Mtoto wa shule na mama wa watoto wanne wanaingia katika neno moja. Zaidi ya hiyo, katika Kiswahili chetu cha kila siku watu wengi wakisikia "kijana" wanaona mwanaume ambaye hajaoa. Msichana anayeuza unga wa mihogo, au mama mwenye miaka 26, anapita mbele ya kibao bila kufikiri kwamba anaitwa.

Kisha kuko sheria. Koperative zetu zinafuata sheria ya pamoja ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa tarehe 15 Desemba 2010, na Kongo imo ndani ya OHADA tangu 2012. Katika koperative, mwanamemba mmoja ana sauti moja, hata hisa zake zikiwa chache au nyingi. Kijana aliyelipa hisa yake ana sauti sawa na ya muzee aliyeanzisha koperative. Jina linalomwita mtoto linapingana na haki yake katika mkutano mkuu.

Umri mnaweza kuuandika katika masharti ya kuingia. Si lazima uwe katika jina.

Mfano: namna koperative moja ilivyobadilisha jina

Koperative moja ya kahawa na maharagi kwenye milima ya Kalehe, Kivu ya Kusini, ilikuwa na vijana 18 na wasindikizaji 9. Wote walikuwa wamelipa hisa. Mmoja alikuwa anauza miche ya kahawa, mwingine ananunua maharagi na kuyapeleka Goma kwa njia ya ziwa, mwingine anatengeneza mashini za kumenya kahawa. Programu iliitwa "Kulea Vijana", juu ndivyo tafsiri ilivyoandikwa katika karatasi za mwanzo. Baada ya msimu mmoja, yule wa maharagi alikuwa anageuza magunia yake ili upande wenye jina uingie ndani. Alisema wazi: "Mteja akisoma hii, anaomba kuzungumza na mukubwa wangu. Mukubwa wangu ni mimi."

Kamati ilikubali kutafuta jina jipya, na tuliwasaidia kupanga kazi hiyo kwa mikutano miwili.

Katika mkutano wa kwanza vijana walikaa upande wao na wasindikizaji upande wao, ili heshima kwa wazee isifunge midomo. Vijana hawakuulizwa wanataka jina gani, kwani swali hilo linaleta majina ya redio na ya timu za mpira. Waliulizwa: ukijieleza kwa mteja mpya, unasema unafanya nini? Yakaja matendo: napanda, nanunua, napakia, natengeneza, nauza. Wasindikizaji waliulizwa: wewe ulipoanza, nani alikusindikiza, na alikuwa anakuita nani? Karibu wote walisema aliwaita ndugu au mwenzangu. Hapo wazee wenyewe waliona kwamba hakuna aliyewalea wao.

Kutoka hapo yalibaki majina matano, na tukayapitia moja moja.

"Pepinyeri ya Biashara" lilianguka kwa sababu tuliyoeleza juu. Muuza miche mwenyewe ndiye aliyelikataa: "Mche wangu ukikaa miaka miwili hakuna anayeununua."

"Inuka Kijana" lilianguka juu ya amri yake, na juu ya mabinti saba waliosema hawajisikii ndani.

"Mtaji wa Kesho" lilikuwa na makosa mawili. Neno mtaji linaahidi pesa, na programu ile haikuwa na mkopo wa kugawa. Watu wangekuja kwa pesa, wakikosa wangeondoka na hasira. Neno kesho nalo linamsukuma kijana mbele, mahali ambapo bado hajafika, wakati analipa taksi ya soko leo.

"Mizizi" lilipendwa na wazee. Ni neno fupi, halina umri. Vijana walisema ni zuri lakini linaangalia chini, na linamfaa zaidi mwenye shamba kuliko mwenye kutengeneza mashini.

"Tunapanda" lilifanya watu wacheke, na kicheko kilikuwa cha furaha. Kupanda ni kuweka mche ndani ya udongo. Kupanda ni pia kwenda juu, na kupanda moto au mtumbwi ili ufikishe mzigo. Mwenye miche, mwenye magunia na mwenye mashini, kila mmoja aliona kazi yake. Kuna aliyesema: "Hata bei inapanda!" Hiyo ilikuwa hatari ndogo ya kuzingatia, kwa sababu mnunuzi anaweza kufanya mchezo na jina.

Kabla ya kuchagua, tuliangalia kama jina linatumiwa na wengine. Linatumiwa: huko Kibera, Nairobi, iko taasisi inayoitwa Tunapanda, inayofundisha vijana kazi za teknolojia. Ni nchi nyingine na kazi nyingine, lakini mtu akitafuta jina hilo kwenye simu atawapata wale. Tupande nalo limekwisha kuchukuliwa, kama tulivyosema. Ndipo mama mmoja, msindikizaji, akaongeza neno: "Sisi tunapanda mulima." Kalehe kahawa iko kwenye miteremko. Kwa hiyo wanapanda juu ya mlima, na wanaupanda mlima miche, vyote viwili kwa maneno yale yale.

Jina lilijaribiwa wiki mbili, kisha katika mkutano wa pili wote 27 walipiga kura ya siri, kila mtu karatasi moja. "Tunapanda Mulima" lilipata 19, "Mizizi" 8. Waliamua pia kuandika Mulima na si Mlima, kwani ndivyo linavyosikika pale, na wakaweka katika pevu ya mkutano kwamba litaandikwa namna moja kila mahali. Hiyo si kazi ya bure. Barua yenye Mlima na muhuri wenye Mulima, mbele ya mfanyakazi wa kopek, ni vikundi viwili.

Majaribio ya kufanya katika wiki mbili

La kwanza ni la kujieleza. Kila kijana alitamke jina kwa mteja wa kweli: "Niko mwanamemba wa..." Kama mteja anauliza bei au mali, jina limepita. Kama anauliza nani anawasimamia, halijapita.

La pili ni la kubadilishana. Muulizeni msindikizaji mwenye miaka 50 kama angekubali kuandikwa chini ya jina hilo, yeye na biashara yake. Akicheka na kusema ni la watoto, mmepata jibu.

La tatu ni la miaka mitano. Wazieni kijana yule yule ana duka na wafanyakazi sita. Jina bado linamkaa? Mizizi linamkaa, pepinyeri halimkai.

La nne ni la masikio. Litamkeni kwa simu, bila kuandika, kwa mtu wa Kihavu, wa Mashi, wa Kinande, wa Lingala, kufuatana na mahali penu. Arudie alichosikia na aseme kama neno lile linamaanisha kitu kingine kwao. Wanaojua ni wenyeji wa lugha. Msibahatishe.

Jina zuri linaweza kuharibiwa na mstari wa chini yake

Mara nyingi chini ya jina kunaandikwa maelezo. Tumeona jina zuri likifuatwa na "mradi wa kusaidia vijana wasio na kazi". Hapo dharau imerudi kwa mlango wa nyuma. Kalehe waliandika: "wanamemba wenye biashara changa na wenye uzoefu wanapanga biashara pamoja". Hakuna mtoaji ndani ya mstari huo, na hakuna anayehurumiwa.

Vilevile majina ya watu wa pande mbili. Mfaidika ni neno la ripoti, tuliache kwenye ripoti. Sisi tunapendelea "mwenye biashara" kwa mmoja na "msindikizaji" kwa mwingine. Kwetu, mgeni akiondoka unamsindikiza hadi njia panda, unabeba kidogo mzigo wake, mnazungumza, kisha unarudi. Njia ni yake, na ndiye anayejua anakwenda wapi. Neno hilo linaeleza hata mwisho wa kazi, jambo ambalo kulea halielezi.

Mahali ambapo jina halifiki

Jina haliponyi programu iliyopangwa vibaya. Kama msindikizaji ndiye anayetunza pesa za kijana, au saini yake inatakiwa kabla kijana hajauza gunia, basi kijana analelewa kweli, hata kibao kiseme nini. Katika hali hiyo rekebisheni kwanza utaratibu wa pesa, jina litafuata. Na kama vijana wenu wamezoea jina la zamani, wanalitamka wenyewe sokoni bila haya, msilibadilishe juu ya makala hii. Nendeni siku moja ya soko, simameni karibu na mahali wanapouzia, na sikilizeni wanavyojiita.